Mishale ya Bi Mkasi

Kazini walimwita Bi Mkasi, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama mdogo wake tu. Ukimwambia mtu kwamba unatengeneza filamu, anadhani unabeba kamera au unawapaka watu poda. Bi Mkasi hakugusa kamera. Alishika mkasi, gundi na kalamu nyekundu, na ukuta mmoja mrefu uliopakwa chokaa ukawa ndio shamba lake.

Filamu za kazini kwao zilikuwa za watu wa kweli wanaosimulia yaliyowapata. Filamu ya namna hiyo huanza kama mzigo wa nguo uliomwagwa sakafuni. Huyu kahojiwa asubuhi nzima, yule kahojiwa mpaka kamera ikaishiwa nguvu, na kila mmoja kachanganya mambo, kaanza na harusi kamalizia na mgongo unaomuuma. Ukimweka mtu mbele ya mashine atafute la maana humo ndani, atazeeka pale kitini. Kwa hiyo kwanza kila neno linachapwa kwenye karatasi, na pembeni yake inaandikwa kanda gani na saa, dakika na sekunde lilipotamkwa. Kila msemaji ana rangi yake ya karatasi. Hapo ndipo Bi Mkasi anaposoma, anakata vipande vyenye uzito, anavibandika ukutani, anavihamisha, anavirudisha, mpaka filamu inasomeka ukutani kabla jicho la mtu halijaiona. Kisha anaiandika kwenye jedwali: nani, kanda gani, aanzie neno lipi, aishie neno lipi, na mtazamaji aone picha gani wakati huo. Jedwali hilo linapelekwa kwa mhariri wa mashine, naye anavuta vipande na kuviunga kwa mpangilio uleule. Mkusanyo huo wa kwanza huwa mrefu na mbaya, kama mtoto aliyezaliwa kabla hajaoshwa.

Sasa, karatasi ni mwongo mpole. Ina nukta kila mahali. Mchapaji akiona sentensi imetosha, anaweka nukta, maisha yanaendelea. Lakini mtu anapozungumza, sauti yake inaweza kuwa bado iko juu, inaning'inia, inakwenda kwenye neno lingine. Ukikata hapo kwa kuamini nukta, msemaji anasikika kama aliyezibwa mdomo. Ndiyo maana Bi Mkasi alikuwa na sheria moja ambayo hakumsamehe mtu juu yake: hakuna kipande kinachopanda ukutani kabla ya kusikilizwa. Alivaa hedifoni masikioni, akafuata karatasi kwa kidole, na mwisho wa kila kipande akachora mshale. Sauti ikishuka, mshale chini, kata. Sauti ikibaki juu, mshale juu, usiguse. Wasichana waliopita mikononi mwake wakijifunza kazi walitoka wakiota mishale.

Filamu iliyokuwa ukutani wakati huo ilihusu wanawake waliounganisha simu kwa mkono zamani, kwenye jumba kuu la simu, waya huku na waya kule, taa zinawaka mbele yao. Jumba limefungwa siku nyingi. Wanawake wale walikuwa wazee sasa, wacheshi, wenye midomo. Na mmoja wao alikuwa mama yake Bi Mkasi.

Alihojiwa nyumbani kwake, amevaa gauni la bluu. Bi Mkasi hakuwepo. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake, kutokwenda kwenye mahojiano, ili asije akakumbuka yasiyo kwenye kanda. Mahojiano yakaisha, vijana wakafunga vyombo vyao, na kabla mchapaji hajazifikia kanda zile, mama akafariki. Aliugua muda mfupi. Hakusumbua mtu.

Bi Mkasi alizika akiwa na macho makavu. Hakujizuia. Hapakuwa na kitu cha kuzuia. Mkono wake ulikuwa mkono, sahani ilikuwa sahani, watu walikuwa wakisogeza midomo. Mama mdogo wake, mwanamke mwenye sauti ya kengele na mdomo usiofungwa kufuli, alimtazama pale matangani akasema wazi, "Wewe mtoto, umemezwa na nini? Hata jiwe likinyeshewa hulowa." Bi Mkasi akajibu, "Sijui, mama mdogo." Ilikuwa kweli, hakujua. Akarudi kazini. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika, akalala kwa sababu taa ilizimwa.

Karatasi za mama zilikuja zikiwa za kijani. Alizisoma kama alivyosoma za wengine. Palikuwa na maneno mazuri, maneno ya kufungulia filamu: "Nililipenda jumba lile kuliko nyumba yangu. Mtu alikuwa anapiga simu akiwa peke yake duniani, mimi nikamwambia karibu." Akakata, akabandika juu kabisa kushoto, mwanzo wa ukuta. Akakata vingine, akavitawanya palipovihitaji. Kisha akatazama hedifoni zilizotundikwa kwenye msumari wake. Akazitazama kama unavyotazama ngazi ya nyumba ya mtu mwingine. Akashika kalamu nyekundu, akachora mishale kwa macho. Palipo na nukta, mshale chini. Chini, chini, chini. Akaandika jedwali, akalipeleka chumba cha pili.

Chumba cha pili alikaa mhariri wa mashine, mwanaume mnene mtaratibu waliyemwita Kobe. Alikuwa haendeshwi. Ukimwambia haraka, anachemsha chai kwanza.

Siku chache zikapita. Kobe akaja akasimama mlangoni kwa Bi Mkasi, na Kobe kutoka kitini mwake si jambo la kila siku.

"Bi Mkasi, shikamoo."

"Marahaba. Umetoka gambani leo?"

"Nimetolewa. Njoo usikie kitu."

Wakakuta mwongozaji wa filamu naye amesimama nyuma ya mashine, mikono kichwani. Alikuwa mtu mwema, wa hofu nyingi, aliyemwita Bi Mkasi dada tangu siku ya kwanza. Kobe akabonyeza. Mama akatokea kwenye kioo cha mashine, gauni la bluu, kiti chake cha mbao. Akafungua mdomo, akasema lile neno la mwanzo, na kwenye "karibu" akakatika kama uzi. Mwanamke wa pili akadakia.

Bi Mkasi alitazama kioo. Alimwangalia mama yake kama unavyoangalia picha iliyotundikwa benki.

"Mshale wako unasema inashuka," Kobe alisema taratibu. "Haishuki. Nimejaribu kusogeza mbele, nimejaribu nyuma. Vipande vyake vyote viko hivyo, vyote mishale chini, na hakuna hata kimoja kinachoshuka. Nikasema labda masikio yangu. Nikatoka nikanywa chai, nikarudi. Bado."

Kila mtu mle chumbani alijua sheria ni ya nani, na kila mtu alijua imevunjwa na nani. Mwongozaji alikohoa.

"Dada, pole. Ni kosa langu, nilipaswa kuwapa watu wengine karatasi zile."

"Nani mwingine?" Bi Mkasi aliuliza.

"Sikiliza. Mkusanyo ni mrefu mara tatu ya filamu tunayotakiwa kutoa. Watu lazima watoke. Tuna njia mbili. Kobe anaweza kuchukua mwanzo wa sentensi hapa, mwisho wake kule kwenye kanda ya pili anaposema 'asante, basi', hapo sauti inashuka kidogo. Tunaficha mshono kwa picha ya waya. Hakuna atakayejua."

"Atakuwa amesema nini?"

Mwongozaji akashusha mikono. "Kitu cha karibu na alichosema."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni kumtoa. Msemaji asiyekatika hawezi kubaki. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Kobe alijishughulisha na kikombe kisicho na chai. Bi Mkasi akasema, "Nipe mpaka Jumatatu," akarudi ukutani kwake.

Mama mdogo alikuja Jumamosi hiyo nyumbani, na mfuko wa machungwa. Alikwisha kuwaambia majirani wote kwamba dada yake ndiye anayefungua filamu.

"Nimewaambia, wakichelewa kukaa tu, wamemkosa. Gauni lile la bluu nililipiga pasi mwenyewe. Lile gauni lina haki ya kuonekana."

"Huenda akatoka, mama mdogo."

"Atoke aende wapi?"

"Kwenye filamu. Sauti yake haikatiki."

Mama mdogo akaweka chungwa chini. "Haikatiki? Si lazima isikatike! Alikuwa akiwafundisha wageni pale jumbani. Aliwaambia, sauti ikishuka mteja anadhani umekata laini, kwa hiyo sauti ikae juu mpaka aweke simu chini yeye mwenyewe. Wenzake walipostaafu waliirudisha hiyo sauti kazini pamoja na viatu. Yeye akaondoka nayo. Muuza maziwa akibisha hodi, sauti ya simu. Daktari, sauti ya simu. Mimi nilikuwa namwambia, dada, mimi si mteja, nisemeshe ya nyumbani! Wewe umezaliwa nyumbani mwake, hukuisikia hiyo mwanzo mwisho kwenye kanda?"

Bi Mkasi alimenya chungwa lake lote, ganda moja refu.

"Sijasikiliza," alisema.

Mama mdogo alimtazama mtoto wa dada yake na mvi zake kichwani, akamsogezea kisahani cha maganda.

Asubuhi ya Jumatatu Bi Mkasi alifika kabla ya wengine. Akafungua dirisha, akafuta meza, akazitoa hedifoni kwenye msumari. Akaanza kanda ya kwanza tangu kijana wa sauti anapobana kipaza sauti kwenye kola ya gauni, mama ananyoosha shingo, ananyamaza, anaelekezwa atazame wapi. Kisha maswali. Kisha sauti ya simu, laini, yenye tabasamu, juu, juu, juu. Ilikuwa kama alivyosema mama mdogo. Bi Mkasi alifuata kwa kidole, na pembeni ya kila kipande cha kijani akafuta mshale aliouchora akachora wa juu. Alingoja kitu kimpate. Hakikumpata. Aliona tu kwamba amekaza meno, akayalegeza.

Mwisho wa karatasi mchapaji aliandika: mahojiano yamekwisha, sauti ya chumba. Wachapaji wote huishia hapo, na wana haki. Mahojiano yakiisha, kijana wa sauti huwaomba watu wote wakae kimya kidogo, anase chumba kikiwa kitupu cha maneno, kwa sababu kila chumba kina kimya chake, friji, bati, barabara ya mbali. Baadaye kimya hicho hutandikwa chini ya mishono ili sikio lisijikwae. Nani achape kimya? Kamera ilikwisha kuzimwa, kinasa sauti tu ndicho kilichobaki kikifanya kazi. Kioo kilikuwa cheusi. Bi Mkasi angeweza kuvua hedifoni hapo.

Hakuzivua, kwa ajili ya sheria. Hakuna kipande kinachopita bila kusikilizwa.

Friji la mama likavuma. Kiti kikalia. Kisha, katikati ya kimya, sauti ikasema, chini, ya kukwaruza kidogo, sauti ya jikoni:

"Hiyo mashine yako bado inakula sauti?"

"Bado, mama," kijana wa sauti alinong'ona. "Nizime?"

"Iache iendelee kula."

Kimya tena. Kisha ile sauti ya jikoni ikaendelea, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele.

"Mmeniuliza siku gani siisahau, nikawapa ile ya mvua. Siyo hiyo. Taa iliwaka, mwanamke wa hospitali ya mbali akaomba kampuni ya malori. Ilikuwa kampuni aliyoiendeshea mume wangu. Sheria, usubiri wasalimiane ujue laini ni safi, ndipo utoke. Hawakusalimiana. Akasema tu, dereva wenu amefariki, lori namba fulani, namba ya lori la mume wangu. Nikasema, endelea mteja. Nikatoka kwenye laini. Kulikuwa na taa nyingine zinawaka, nikazijibu. Nikamaliza zamu. Njiani nikanunua mafuta ya taa maana yalikuwa yamekwisha. Huruhusiwi kusema ulichosikia kwenye waya, hata kwa mtu wako. Kwa hiyo yule mtu wa kampuni alipokuja jioni kuniambia, nikashtuka mbele yake kama ndiyo nasikia. Watoto wangu walikuwa wamesimama pale. Sikulia mpaka mwaka wa pili. Watu walisema nina roho ngumu."

Friji likavuma tena.

"Haya, nasi tunywe chai," akasema, na kijana wa sauti akazima.

Bi Mkasi aliyakumbuka mafuta ya taa. Alikuwa mtoto, amesimama mlangoni, mama yake anamimina kwenye taa polepole, bila kumwaga tone, mama mdogo anashika faneli. Mtu wa kampuni alikuwa bado hajafika. Alikaa na kumbukumbu hiyo mbele ya ukuta. Kifuani mwake hapakutikisika kitu. Lakini lile neno, sikulia mpaka mwaka wa pili, lilikaa mahali fulani mle ndani kama mtu aliyevuta kiti.

Akarudisha nyuma, akasikiliza kwa kalamu mkononi, akachapa maneno yote na muda wake. Kwenye "nikamaliza zamu" sauti ilishuka mpaka chini. Mshale chini. Kwenye "ndiyo nasikia," chini. "Roho ngumu," chini kabisa.

Mwongozaji aliposikilizishwa alikaa kwenye ndoo ya rangi kwa kukosa kiti.

"Hakuna picha," alisema.

"Ipo ile mliyopiga ya ukumbi mtupu wa jumba la simu, yenye ubao wa matundu ya waya. Na uso wake upo, mwanzoni, anapobanwa kipaza sauti. Hasemi kitu. Tuanze na uso huo, yeye yuko kimya, kisha tuende ukumbini, ndipo sauti ije."

"Lini kwenye filamu?"

Bi Mkasi alikwisha kufanya. Pale juu kushoto palikuwa na alama ya gundi tu. Vipande vingine vyote vya kijani vilikuwa kwenye kisanduku cha vilivyotoka. Kipande kimoja kirefu kilikuwa katikati ya ukuta, baada ya wale wazee wacheshi kusimulia habari za wapenzi ambao simu zao walizisikiliza kwa siri, pale watazamaji watakapokuwa bado wanacheka. Na chini ya kipande hicho alibandika kingine, kisicho na neno hata moja, ila muda wa kuanza na muda wa kwisha.

"Hiki nini?"

"Kimya cha chumba chake. Kisizibwe na muziki."

"Dada, tunapunguza urefu, wewe unaniongezea kimya?"

"Nimekutolea vipande vyake vyote vingine. Hesabu."

Kobe, mlangoni, akasema, "Amekushinda." Mwongozaji akainua mikono. Kisha akauliza swali la haki. "Na familia? Jambo hili hamkulijua. Aliruhusu kinasa sauti, sawa, lakini waliobaki ni nyinyi."

Kwa hiyo mama mdogo akaitwa. Alikuja amevaa vizuri, akasalimia kila mtu mpaka mlinzi, akakalishwa kiti cha Kobe. Kobe akasimama, jambo lililozungumzwa wiki nzima.

Filamu ikaanza na mwanamke mwingine.

"Huyu ni nani? Dada yangu yuko wapi?"

"Anakuja, mama mdogo. Tulia."

"Nilisema anafungua! Nitawaambia nini watu?"

"Tulia, mama yangu," Kobe alimwambia, na akatulia, kwa maguno. Alicheka na wale wazee. Kisha gauni la bluu likatokea, mama ananyoosha shingo anabanwa kipaza sauti, na mama mdogo akapiga goti lake kwa furaha. Ukumbi mtupu ukaja. Sauti ya jikoni ikaanza. Mkono wa mama mdogo ukabaki juu ya goti.

Ilipofika mwisho, kimya kikatandazwa. Friji likavuma. Kobe akasimamisha mashine.

"Faneli nilishika mimi," mama mdogo alisema. Sauti yake ya kengele haikuwapo. "Nikamwambia, mbona unajaza taa na jua bado liko? Akanijibu leo itawaka sana."

Akatoa kitambaa, akalia kidogo, kwa adabu, akakikunja akakirudisha. Kisha akamgeukia mtoto wa dada yake, aliyekuwa amesimama ukutani na macho yaleyale makavu. Bi Mkasi alingoja lile neno la jiwe.

"Umekula?" mama mdogo aliuliza.

"Bado."

"Tutakula. Hiyo muiache ilivyo." Akaonyesha kioo kwa kidevu. "Ile sauti ya simu majirani waliisikia maisha yote."

Kobe akauliza kama basi sehemu hiyo imefungwa. Bi Mkasi akaenda ukutani kwake, mpaka kwenye kile kipande kitupu cha kijani. Kilikuwa hakina mshale, maana hakina sauti ya kushuka. Akasimama mbele yake, akachora mmoja, chini. Kisha akafunika kalamu, akatundika hedifoni kwenye msumari, akamfuata mama mdogo wake nje.